Mbuzi mwenye sufuria kichwani ndiye kitabu cha kwanza

*Shikamoo Mwalimu,*

*Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Sahare, Tanga. Asubuhi nauza vitumbua, mume wangu ni mvuvi. Mwanangu mkubwa, Salimu, ana miaka 9, yuko Darasa la Tatu. Herufi anazijua na silabi anaunganisha, lakini ukimpa kitabu anasoma kwa kuburuta, na akifika mstari wa pili anapiga miayo. Nyumbani vitabu hatuna. Kuna msahafu, kuna daftari zake, na kuna magazeti ya zamani ninayonunua kwa kilo kufungia vitumbua. Mimi niliishia Darasa la Saba na nasoma polepole, naona haya kusoma kwa sauti mbele yake. Jirani ananihimiza nimpeleke tuisheni kwa kuwa mwakani ana upimaji wa Darasa la Nne, lakini hela hiyo sina. Baba yake naye anasema hadithi ni mchezo, mtoto ashike masomo.*

*Kinachoniuma ni kwamba mtoto huyu maneno anayo. Juzi alinisimulia habari ya mbuzi aliyetoka jikoni kwa jirani na sufuria kichwani, nikacheka hadi nikaunguza vitumbua. Mtoto wa namna hii kwa nini anakikimbia kitabu? Nifanyeje bila pesa?*

*Mama Salimu*

Marahaba mwanangu, na pole kwa vitumbua.

Nimefundisha Darasa la Kwanza na la Pili karibu maisha yangu yote ya kazi, na watoto wa aina ya Salimu nimewaona kila mwaka. Mara nyingi hawachukii kitabu. Wanachoka kabla hadithi haijafika. Kiswahili chetu kina neema moja: herufi zake hazidanganyi. Mtoto akishazijua silabi anaweza kutamka karibu neno lolote utakalomwandikia. Lakini neema hiyo ina upande wa pili. Maneno yetu ni marefu. Chukua neno kama "walipomfukuza". Mtoto anayeburuta atasema wa, li, po, m, fu, ku, za, na akifika "za" ameshasahau kwamba alianza na "wa". Neno amelitamka lote, maana haikuingia. Akifanya hivyo mistari miwili, kichwa kimechoka na hajapata cha kumfurahisha. Wewe ungepiga miayo pia.

Dawa yake ni kumpa maandishi ambayo maana yake anayo tayari kichwani. Hapo jicho linabaki na kazi moja tu, kuyatambua maneno. Na maandishi hayo hayauzwi dukani, yamo mdomoni mwake. Mtoto aliyekuchekesha kwa habari ya mbuzi amekwisha kutunga kitabu chake cha kwanza, bado hakijaandikwa tu.

Kwanza fanya kipimo kidogo ujue uko wapi. Chukua kitabu cha shule, mhesabie maneno 20 mfululizo, asome. Weka alama kimyakimya kila anapokwama au kukosea. Akikwama mara moja au mbili, kitabu hicho anaweza kukisoma kwa msaada mdogo. Akizidi hapo, ni kizito kwake kwa sasa, na kumlazimisha akisome peke yake ndiko kunakomfundisha kwamba kusoma ni adhabu. Usimwambie matokeo. Ni ya kwako.

Sasa tutengeneze kitabu. Chagua saa ambayo huna haraka, labda alasiri baada ya kuloweka mchele wa kesho. Mwambie, "Hebu nisimulie tena ya yule mbuzi, nataka kuiandika." Mwache aseme yote mara moja bila kumkatiza. Kisha mrudishe mwanzo, akupe sentensi moja moja, nawe uandike kwenye karatasi ya kawaida. Sikuwepo, lakini nakisia itatoka hivi:

Mbuzi kaingia jikoni kwa jirani.
Kanywa uji wote wa mtoto.
Akatoka na sufuria kichwani.
Watu wakacheka.
Mimi nikamkimbiza mpaka pwani.
Sufuria ikaanguka, ko ko ko!

Sentensi sita zinatosha. Akikupa ishirini, mwambie nyingine tutaziweka kitabu cha pili.

Hapa kuna jambo ambalo nimelikosea mwenyewe, nalo nakuomba ulishike. Akisema "kaingia", andika "kaingia". Usiandike "aliingia" kwa kuwa ndivyo mwalimu angependa. Miaka ile ya mwanzo niliwahi kuichukua hadithi ya mtoto mmoja mtundu, nikaisafisha ikawa Kiswahili sanifu kitupu, nikampa aisome. Aliitazama akasema, "Mwalimu, hii si yangu," na hakuigusa tena. Alikuwa na haki. Mtoto anayeanza anasoma kwa msaada wa kile anachokumbuka amesema, na maandishi yakitofautiana na sauti yake, jicho na sikio vinagombana. Usanifu utakuja, na utakuja kwa urahisi zaidi akishapenda. Unachosahihisha wewe ni tahajia tu: "kanywa" iandikwe kwa herufi zake zote, nafasi kati ya neno na neno ziwepo, kila sentensi ianze kwa herufi kubwa na iishie kwa nukta.

Kwa kitabu chenyewe, fungua katikati ya daftari iliyobakiwa na kurasa tupu, mahali penye pini. Chomoa karatasi mbili zilizokunjwa. Hizo zinakupa kurasa nane. Kata kipande cha boksi laini, la biskuti au la dawa ya meno ukiunganisha mawili, kiwe kikubwa kidogo kuliko karatasi, ukikunje katikati kiwe jalada. Weka karatasi ndani ya jalada, kisha kwa sindano toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, moja juu, moja chini. Uzi wa kushonea nguo unatosha ukiukunja mara mbili. Anzia ndani, toa sindano kwa tundu la katikati kwenda nje, irudishe ndani kwa tundu la juu, shuka nayo kwa ndani ukiruka la katikati, itoe nje kwa tundu la chini, kisha irudishe ndani kwa tundu la katikati. Funga fundo juu ya ule uzi mrefu uliolala ndani. Kitabu hicho kitachoka mikononi mwa watoto, lakini hakitaachia.

Ukurasa wa kwanza andika jina la hadithi, na chini yake "Kimetungwa na Salimu". Usiuruke mstari huo. Kurasa sita zinazofuata, kila moja sentensi moja chini, na juu nafasi ya picha atakayochora mwenyewe. Ukurasa wa nane uache mtupu, nitakwambia kazi yake. Andika kwa herufi za kuchapa, zile za vitabuni, sio mwandiko wa kuunganisha. Kati ya neno na neno acha upana wa kidole chake cha shahada. Nafasi ndogo ndiyo inayowafanya watoto wasome "wotewa" kama neno moja halafu wakashangaa ni mnyama gani.

Siku ya kwanza, soma wewe huku ukipitisha kidole chini ya kila neno. Najua unaona haya. Lakini sentensi hizi umeziandika kwa mkono wako dakika chache zilizopita, hutakwama. Ndiyo maana nakuanzisha hapa, wewe na yeye kwa pamoja. Kisha someni wote wawili kwa sauti moja, nawe uende kwa mwendo wake, usimvute. Mwambie akijisikia kusoma peke yake agonge meza, au agonge ukingo wa kibaraza, nawe unyamaze hapo hapo. Akikosea au akikwama, usimrukie. Hesabu moyoni hadi nne. Asipolipata, litamke wewe neno zima, alirudie, muendelee na safari. Usimlazimishe aanze kulichambua neno silabi kwa silabi katikati ya hadithi, maana hapo unamrudisha kwenye kuburuta kulikomchosha. Dakika kumi au kumi na tano kwa siku zinatosha kabisa, na mkome angali anataka kuendelea.

Baada ya siku mbili atakisoma chote mbio bila hata kutazama. Mama wengi hapa hufurahi, au hukata tamaa wakisema, "Hasomi huyu, amekariri." Kukariri ni hatua nzuri, ila tusiishie hapo. Kujua kama anasoma kweli, mwanzishe ukurasa wa mwisho arudi nyuma, au ziba picha kwa kiganja umwonyeshe neno moja tu: "Hili nini?" Kama anarudi mwanzo wa sentensi na kuiimba hadi alifikie, bado anakumbuka zaidi ya anavyoona. Kama analitaja palepale, ameshalimiliki.

Wa kukariri wana mchezo wao. Nakili sentensi mbili au tatu kwenye vipande virefu vya boksi, kisha kata neno neno. Vuruga. Mpe "mtoto", "uji", "wa", "wote", "kanywa" aipange upya. Akishaipanga, wewe ibadilishe akiwa hatazami, ukichomeka na "mbuzi": "Mtoto kanywa uji wote wa mbuzi." Muite asome. Atacheka, na ili acheke itabidi awe amesoma kila neno, kwa sababu kumbukumbu yake ilikuwa inasema kitu kingine. Hayo ndiyo mazoezi yenye thamani kuliko kurasa kumi za kitabu kinachomlaza. Vipande viweke kwenye kopo, msivitupe. Kadiri vitabu vinavyoongezeka, kopo linajaa maneno, na jioni moja utakuta anajipangia sentensi mwenyewe.

Silabi zinazomsumbua zitajionyesha humo humo. Kwa watoto wengi ni zile zenye konsonanti nyingi: "nywa", "ndwa", "mbwe", na ile "ng'" ya ng'ombe wanayoichanganya na "ng" ya ngoma. Usimpe orodha nzima. Akikwama kwenye "kanywa", chini ya kipande hicho muandikie "nywele" na "kunywa", basi. Tatu kwa siku moja zinatosha, zikitoka kwenye neno alilokwama nalo.

Umesema una watoto wawili. Huyo mdogo ndiye atakayemfanya Salimu awe msomaji. Mtoto wa miaka 9 akiona kitabu chenye sentensi sita anaweza kuona haya, hasa rafiki zake wakipita. Lakini akiambiwa amsomee mdogo wake, urahisi wa kitabu unapata sababu. Atakisoma mara kumi bila kulalamika, kwa kuwa mdogo ataomba tena, na kusoma kitu kile kile mara nyingi ndiko kunakoondoa kuburuta. Sasa ule ukurasa wa nane: kila anayesomewa, Salimu anaandika jina lake. Mama. Mdogo wake. Bibi. Jirani mwenye sufuria, kama hakukasirika. Nimeona mtoto akizunguka mtaa mzima kutafuta majina, na alipomaliza alikuwa amesoma kitabu kimoja mara 14.

Na wewe ukiwa jikoni usiku unapopika, mwambie akusomee huku mikono yako ina kazi. Kusikiliza ni mchango kamili. Muulize swali moja la kweli, lile ambalo wewe mwenyewe unataka kulijua. Usiulize "Mbuzi alikunywa nini?" maana wote mnajua. Uliza, "Hivi yule mbuzi alijuaje kama kuna uji?" Akijibu jambo ambalo halimo kitabuni, umepata sentensi ya kitabu kingine.

Siku ambazo hakuna kisa, tumia vitendawili. Hivi unavyo tangu utotoni na havikugharimu hata senti. Kata boksi vipande vya ukubwa wa karata. Upande mmoja andika "Nyumba yangu haina mlango", nyuma yake "Yai". Kingine, "Kuku wangu kataga miibani", nyuma "Nanasi". "Kila niendapo ananifuata", nyuma "Kivuli". Anayesema "Kitendawili!" ndiye mwenye kukisoma, wengine wanajibu "Tega!" Asiyejua anatoa mji kama kawaida, kisha jibu linasomwa nyuma. Sentensi ni fupi, zina fumbo, na mtoto ana sababu ya kuisoma yote. Karata ishirini unazimaliza kwa jioni mbili, na mnaweza kubadilishana na nyumba ya jirani.

Magazeti yako ya kufungia usiyadharau, ila usimpe habari nzima. Herufi zake ni ndogo, sentensi ni ndefu, na nyingine si za mtoto. Kabla hujayakata, tazama kichwa cha habari chenye herufi kubwa, hasa kurasa za michezo. Kama Salimu ana timu, na mvulana wa Tanga hakosi timu, atakisoma kichwa hicho hata ukimkataza. Mwachie akikate akibandike kwa uji wa ngano kwenye daftari lake. Kimoja kwa siku.

Sasa nikuonyeshe mwisho wa njia hii, kwa sababu unao. Vitabu vya maneno yake mwenyewe vinamfikisha mahali fulani, kisha vinakwama. Maneno yote anayajua, na mtoto anayesoma anayoyajua tu hapati mapya. Kwa uzoefu wangu ni kati ya kitabu cha kumi na cha kumi na tano, yaani kama miezi miwili au mitatu mkifanya kimoja kwa wiki au zaidi kidogo. Utaijua siku hiyo: anasoma kwa mwendo wa mtu anayeongea, sauti inapanda na kushuka mahali pake, na ule uchovu hauonekani. Hapo ndipo mpe maneno ya watu wengine, wala usichelewe.

Hatua ya kwanza iwe fupi. Tafuta mama wawili watatu mtaani wenye watoto wa rika lake, kila nyumba itengeneze vitabu viwili vya mtoto wao, mbadilishane kila Ijumaa. Hadithi ya mtoto wa jirani ina maneno mapya machache na watu anaowafahamu, kwa hiyo si mruko mkubwa.

Hatua ya pili, kama nyumbani kuna simu yoyote ya kupangusa, hata ya mjomba. Kuna mkusanyiko wa hadithi za watoto uitwao African Storybook, kwenye africanstorybook.org. Hadithi nyingi zipo kwa Kiswahili, zina picha, hazilipiwi, na zimepangwa kwa ngazi kuanzia zenye neno moja au sentensi moja kwa ukurasa hadi zenye aya nzima. Anzeni ngazi ya chini hata kama unaona anaweza zaidi, mpande anapopitia kirahisi. Wana pia programu ya simu iitwayo African Storybook Reader, ambayo mnaweza kuihifadhia hadithi mkiwa na bando kisha mkazisoma bila bando. Leseni yao inaruhusu kunakili, kwa hiyo hadithi aliyoipenda sana mnaweza kuichapisha steshenari, au mkaiandika kwa mkono na kuishona kama mlivyoshona ya mbuzi. Mimi napendelea kuiandika kwa mkono. Mtoto anayenakili hadithi huiangalia kila herufi, na kitabu kinabaki nyumbani simu ikirudi kwa mwenyewe. Tahadhari yangu ni moja: hadithi hizo zimeandikwa na watu wengi na nyingine ni tafsiri, Kiswahili chake hakilingani. Isome wewe kwanza. Ikikukwaza ulimi, chagua nyingine.

Hatua ya tatu ni Maktaba ya Mkoa, hapo hapo mjini kwenu. Usingoje Salimu awe hodari. Nenda naye mara ya kwanza bila lengo la kuazima, akaone tu na kukaa. Muulize mhudumu masharti ya mtoto kujiandikisha na kuazima, kisha umwombe vitabu vya Kiswahili vya watoto wanaoanza kusoma. Mtoto achague mwenyewe vitatu, hata kama kimoja ni cha samaki na picha tupu. Kupima uzito wa kitabu, mfundishe kukunja kidole kwa kila neno gumu kwenye ukurasa mmoja. Vidole vya mkono mmoja vikiisha, kitabu kinarudi rafuni kwa leo. Kizito anachokipenda mno, kichukueni, ila hicho mtakisoma pamoja kwa sauti moja.

Kuhusu tuisheni, sikwambii ni mbaya. Lakini kabla ya kutoa hela kwa mtu yeyote, nenda ukasimame dirishani nusu saa. Kama watoto arobaini wanaitikia kwa pamoja kilichoandikwa ubaoni, Salimu ataitikia pia kwa kusikia wenzake, na jicho lake halitafanya kazi yoyote. Robo saa yako kibarazani, akiwa yeye peke yake na kidole chake chini ya neno, inamfaa kuliko hiyo. Na upimaji wa Darasa la Nne hauko mbali na haya tunayosema. Maswali yote ya Sayansi na ya masomo mengine yanasomwa kwanza ndipo yajibiwe, na mtoto anayesahau mwanzo wa swali kabla hajafika mwisho hukosa hata lile analolijua.

Kitu kimoja usikichelewe. Wakati anasoma, mtazame macho. Akikisogeza kitabu karibu na pua, akikunja uso, akitokwa machozi, akiruka mistari mara kwa mara au akilalamika kichwa kila baada ya kusoma, inawezekana miayo ile si ya uvivu wala ya ugumu wa maneno. Muulize mwalimu wake anakaa dawati la ngapi na kama ananakili vizuri kutoka ubaoni. Kisha mpeleke akapimwe macho pale hospitali ya Bombo. Na kama baada ya miezi mitatu ya kufanya haya karibu kila siku bado anachanganya silabi nyepesi kama "ba" na "da", zungumza na mwalimu, ukiwa umebeba vitabu vyenu mlivyotengeneza ili aone anakwama wapi hasa.

Limebaki la baba yake. Usibishane naye kuhusu hadithi na masomo. Kitabu cha tatu kiwe chake. Siku akirudi na samaki wachache na hali ya bahari imemchosha, subiri ale, kisha Salimu akae naye na karatasi amuulize: ilikuwaje siku ile jarife liliponasa, au siku upepo ulipogeuka ghafla? Baba aseme, Salimu aandike safari hii, wewe usaidie tahajia tu. Humo mtoto atakutana na maneno ambayo kitabu cha darasani hakina: jarife, dema, ngalawa, maji kujaa na kupwa, kusi na kaskazi. Andikeni sentensi nane, kwa karatasi tatu badala ya mbili. Ukurasa wa kwanza andikeni "Kimesimuliwa na Baba Salimu. Kimeandikwa na Salimu." Kisha kikishonwa, mtoto amsomee mwenye hadithi, na jina la baba liwe la kwanza kwenye ukurasa wa wasikilizaji.